Tiketi Tisa za Mpwa Wangu

Zamani ukiwa na shida na ofisi, ulikwenda dirishani. Nyuma ya dirisha palikuwa na mtu, hata kama amenuna, na ukiondoka ulijua umekasirikiwa na nani. Siku hizi unaandikia mashine, nayo inakushukuru kwa uvumilivu.

Mpwa wangu ni mshonaji. Wateja wake wote humpata kwenye ukurasa wake wa mtandaoni. Alipobadilisha simu, kampuni yenye mtandao huo ikaufunga ukurasa kwa kudhani aliyeingia ni mwizi. Watu waliomwachia vitambaa wakaanza kunong'ona kwamba ametoroka navyo. Jina lake lilikuwa linachafuka.

Akaandika kwa kitengo cha msaada, akapewa namba ya tiketi, yaani ya shauri lake. Kimya. Kesho yake akaandika upya, kwa salamu mpya, maana alilelewa hivyo: humwendei mtu kumdai jibu la jana kabla hujamwamkia. Kila asubuhi salamu, kila salamu tiketi mpya.

Fundi simu wa jirani aliposikia, alishika kichwa.

"Dada, unajirudisha mkiani mwenyewe! Kila tiketi mpya inaanza foleni upya, na wao wanaifunga wakiona imejirudia."

"Sasa nisiwasalimie?"

"Wasalimie, lakini ndani ya ile ya kwanza. Bado iko wazi?"

Ilikuwa wazi. Wakakaa kwenye meza ya kukatia vitambaa, fundi akisoma, mpwa wangu akiandika: "Habari za kazi. Nafuatilia tiketi namba 40718. Nyingine nane nilizifungua kwa kutojua, naomba mziunganishe na hii. Nimefungiwa ukurasa baada ya kubadilisha simu. Kama haiko mikononi mwenu, tafadhali ipelekeni kwa msimamizi."

"Umeandika kama unaomba posa," nikamwambia, nikichungulia begani mwake.

"Mjomba, wewe ungeandika matusi."

Kweli ningeandika.

Msimamizi naye akawa kimya. Fundi akamwonyesha ukumbi wa watumiaji mtandaoni, ambako wafanyakazi wa kampuni hupitapita mara mojamoja. "Pengine watajibu, pengine hawatajibu. Weka namba ya tiketi tu. Kitambulisho usikiweke hapo, matapeli wamejaa."

Wa kwanza kujibu alikuwa tapeli, akiomba nywila. Mpwa wangu akamripoti, akaendelea kupinda pindo la gauni. Siku iliyofuata akajibu mtu mwenye alama ya mfanyakazi: "Dada, pole. Tiketi yako nimeiona, ilikwama kwenye kitengo kisichohusika. Nimeihamisha. Watakuomba uthibitisho ndani ya tiketi hiyohiyo."

Wakaomba, akatuma. Jioni ukurasa ukafunguka.

Hakuandika malalamiko hata neno moja. Alitundika magauni yaliyokwisha, akayapiga picha, akaziweka ukurasani. Simu ikaita.

"Kumbe upo!" mama mmoja akafoka. "Na mimi nimeshakutangaza mtaa mzima!"

"Nipo, mama. Gauni lako tayari. Njoo ulijaribu, halafu unitangaze tena."