Picha ya Baba Juu ya Wimbo Wake

Baba aliimba wimbo wake mpya wa Mungu, nikaurekodi kwa simu, hapa mjini Baraka. Mtandao wa video haupokei sauti tupu, basi nikatafuta picha yake moja, ile ya koti na tai, nikaivuta ilingane na urefu wa wimbo, nikatoa faili ya video, nikaipandisha.

Haukupita muda, simu zikaanza: pole, pole sana. Nilikuwa nimesahau kwamba kwetu picha ya mtu isiyosogea, na wimbo wa Mungu juu yake, ndiyo tangazo la kifo. Shangazi alifika kwa pikipiki kutoka Lweba akilia tangu barabarani, akamkuta Baba anakula ugali.

Sikutulia. Video ikishapanda, picha iliyo ndani haibadilishwi. Lazima uifute, utengeneze faili nyingine, upandishe upya. Nilikwisha kupata picha ya ziwa. Niliwakaripia wote waliocheka.

Baba hakucheka. Alikuwa ameishika simu yake mkononi tangu mchana.

“Ngoja kwanza, usiifute,” akaniambia. “Kaka yako mukubwa, ule wa Fizi, hajapiga bado.”