Rangi ya Biriani Ndani ya Tangi la Choo

Siku moja kabla ya hitma ya marehemu mume wangu, choo chetu cha Mkunazini kilikuwa kikivujisha maji bakulini bila kukoma. Tangi la juu ya paa lilikuwa linakwisha, na zamu ya maji ya bomba mtaani kwetu ilikuwa bado. Wageni wangetia udhu kwa maji gani?

Mkwe wangu alitaka kwenda sokoni Darajani kununua valvu ya kuingizia maji, ile yenye boya.

"Mama, hii imekufa. Kila mara inafungua maji."

"Ndoo iliyotoboka, utaacha kuijaza?" nikamjibu. "Inafungua kwa sababu maji yanavuja kwengine."

Nikafunua tangi la choo. Maji yalikuwa chini ya mdomo wa bomba la kupunguzia yanapozidi, kwa hiyo boya lilikuwa halina kosa. Nikatia rangi ya biriani, nikakataza mtu yeyote kuvuta maji. Tukangoja. Bakuli likageuka manjano.

"Yanapita kwenye raba ya valvu ya kutolea, hapo chini," nikamwambia. "Funga koki uitoe."

Akaitoa, imepinda na imeoza ukingoni.

"Nenda nayo hiyo hiyo dukani. Usiseme tu raba ya choo, matundu hayalingani."

"Naam, mama."

Akarudi na inayolingana, akaipachika. Tangi likajaa, likanyamaza.

Kesho yake wageni wote walitia udhu kwa maji yaliyobaki juu ya paa. Waliokuwa wakipiga soga huku maji yanamwagika, niliwafungia bomba kwa mkono wangu.