Majiko Kumi ya Shangazi

Shangazi yangu anauza mkaa Nyakato, Mwanza, kwenye banda la mabati katikati ya nyumba za wapangaji wanaofanya kazi viwandani. Kwa mkaa huo alinisomesha hadi chuo kikuu. Huko nilisoma uchumi, jambo ninalolitaja mapema ili ijulikane hasara ilianzia wapi.

Mwaka mmoja mvua iligoma kukatika. Barabara za porini upande wa Sengerema ziligeuka tope, vibali vya kuvuna miti vikawa vya shida, na magunia ya mkaa yaliyovuka na kivuko cha Kamanga yakawa machache, ghali kupita tulivyozoea. Shangazi akapandisha bei ya kopo. Baada ya wiki mbili akapandisha tena, huku akiwaomba wateja radhi kama aliyewakanyaga.

Wasiwasi wake haukuwa mkaa wenyewe. Watoto wake walikuwa na mpango wa muda mrefu wa kumhamishia Dodoma, kwa binamu yangu mkubwa, "mama akapumzike." Walikuwa wanasubiri tu biashara ilegee.

"Kupumzika," aliniambia, "ni kukaa kwenye kochi la mtu unasubiri uletewe chai. Mimi banda hili likifungwa, nitakufa kwa chai."

Basi Jumamosi moja, nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikamshauri. Mkaa ukiwa ghali, nilimweleza, watu watataka jiko linalokula kidogo. Aagize majiko yale ya bati yenye udongo ndani, makubwa, yanayotunza moto. Nilichora hata mstari kwenye vumbi kwa kijiti.

Akautazama mstari wangu kwa heshima. "Kama umesoma hivyo," alisema, akaagiza majiko kumi.

Mwezi ulipita. Majiko yakauzwa matatu, na mojawapo nililinunua mimi, kwa aibu. Yaliyobaki saba yalipangwa mbele ya banda, na kuku wa jirani akaona moja linafaa kutagia.

Ng'ambo ya barabara kuna duka la mzee wa Kihindi ambaye familia yake imefanya biashara Mwanza vizazi kadhaa, na ambaye Kisukuma chake kinanishinda. Yeye huuza vyombo na gesi. Zamani mitungi yake ilikaa hadi ikashika vumbi. Sasa tuliona wanawake wakitoka na mtungi mkononi, na nyuma yao mume kabeba jiko la plate mbili, na mpira wa gesi umemning'inia shingoni. Siku moja mzee akabandika karatasi mlangoni: majiko ya gesi yameisha, yanakuja.

"Kashusha bei yule?" Shangazi aliniuliza.

"Hapana. Niliuliza. Bei ni ileile, ya mtungi na ya jiko."

"Sasa wanamkimbilia nini?"

"Wanakimbia mkaa, Shangazi."

Akayatazama majiko yake. Kisha akageuka, akaniuliza kwa upole, ule upole wake wa hatari: "Ng'wanawane, mwanangu, wewe kwako siku hizi mnapikia nini?"

Nilikohoa. "Gesi kidogo."

"Gesi kidogo ndiyo ipi? Ile ya kunusa?"

"Tulinunua mtungi. Na jiko lake."

"Lini?"

Ilikuwa mwezi uleule mkaa ulipopanda mara ya pili. Yaani nilipokuwa nachora mstari kwenye vumbi kumweleza jinsi watu watakavyofanya, mimi mwenyewe, ambaye ni mtu, nilikuwa nimeshafanya vingine. Mtihani wa somo hilo chuoni nilifaulu vizuri. Bidhaa moja ikipanda bei, watu huhamia ile inayoweza kushika nafasi yake, na vile vinavyotumika pamoja na bidhaa navyo huifuata: mpira na jiko la gesi huondoka dukani pamoja na gesi, na jiko la mkaa hudoda pamoja na mkaa. Mfano wa kitabuni ulikuwa chai na kahawa. Hakuna aliyeniambia kwamba siku moja ungekuwa shangazi yangu.

"Na jiko ulilonunua kwangu?"

"Mke wangu amepandia maua."

Alicheka mpaka akashika nguzo ya banda. Nilifarijika, ingawa niliona pia kwamba jioni ile alianza kukunja vitenge vyake vya akiba, kama anayejaribu kuona vitaingia kwenye begi gani.

Aliyetuokoa hakuwa msomi. Alikuwa mama mpangaji wa nyumba ya nyuma, mfanyakazi wa kiwanda cha samaki, mmoja wa wale waliohamia gesi. Alikuja asubuhi na bakuli la maharage yaliyolowekwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kunicheka?"

"Nikucheke nini, mama yangu. Gesi ni nzuri kwa chai, kwa mayai, kwa wali. Lakini maharage! Nikiyaweka asubuhi hadi yaive, naona mtungi unakonda. Wewe moto wako unawaka siku nzima. Nichemshie, nitakulipa."

Shangazi aliyachemsha kwenye moja ya majiko yale, baada ya kumwondoa kuku. Kesho yake wakaja wawili. Keshokutwa akaacha kungoja bakuli za watu, akanunua gunia la maharage na sufuria kubwa, akawa anauza yaliyoiva kwa kikombe. Mkaa wa kuivisha sufuria nzima haukuzidi sana ule wa bakuli moja la mpangaji, na ukigawanywa kwa vikombe vyote ukawa si kitu. Wanawake walipitia jioni wakitoka kazini, wakaenda kuyaunga kwa kitunguu na nyanya kwenye gesi, dakika chache tu.

Kadiri mzee alivyouza mitungi, ndivyo Shangazi alivyouza maharage. Sikuliona hilo mara moja. Yeye ndiye aliyeliona, wiki ambayo gari la gesi halikuja.

Mitungi iliisha ng'ambo. Wapangaji wakatoa majiko yao ya zamani uvunguni, wakaja kwa Shangazi kununua mkaa kwa bei ile ya kuumiza. Nilimpongeza. Nilisema biashara imerudi.

"Imerudi wapi?" alinikata. "Sufuria zimejaa. Mtu akishawasha mkaa wake, maharage si anachemsha mwenyewe? Na kesho gesi ikija ataniacha na mkaa tena. Hawa wa maharage wanarudi kila siku."

Niliacha utaalamu, nikamsaidia kufunika sufuria.

Siku ya nne lori lilionekana likikata kona na mitungi ikigongana. Shangazi, ambaye kwa miezi alikuwa akiitaja gesi kama mtu anavyomtaja mke mwenza, alikuwa wa kwanza kuvuka barabara. Nilimwona akisimama na mzee, wakihesabu kwa macho mitungi inavyoshushwa, wakicheka kitu kwa Kisukuma nisichokidaka.

Alirudi akipangusa mikono, akamimina maharage kwenye ndoo mbili, akayaloweka. Kisha akachukua simu, akampigia binamu yangu wa Dodoma.

"Hilo kochi," alisema, "likalieni wenyewe. Nina watu wananisubiri." Akakata.

Halafu akanigeukia. Majiko matatu kati ya yale saba yalikuwa yameshapasuka udongo kwa kazi ya kutwa. Manne yalikuwa yanawaka.

"Msomi," alisema, "mwambie mkeo atafute chungu cha maua yake. Lile jiko nalihitaji kesho asubuhi."