Ushuhuda wa Jino

Kaka yangu alikufa kwa jino. Naandika hivyo waziwazi kwa sababu mazishini walitangaza kwamba ni "ugonjwa wa ghafla", na neno hilo linanikera mpaka leo. Ghafla gani? Gego lile lilimtesa msimu mzima wa mavuno, na sote tulikuwa tukimwangalia.

Alikuwa dereva wa kombaini kwenye shamba la ngano la serikali, huku chini ya Mlima Hanang. Mimi nilikaa naye kambini nikiwalea watoto wake, maana mama yao alikuwa amefariki. Gego lenyewe lilikuwa la chini, la nyuma kabisa, limetoboka. Alilitia karafuu, akatafuna kwa upande mwingine, akapanda mashine yake. Msimamizi wa shamba alikuwa na jibu moja kwa kila aliyelalamikia meno: "Jino halijawahi kumuua mtu." Ngano iliyokauka haingoji, hilo tulilijua. Shavu la mtu ndilo lililotakiwa kungoja.

Shavu lilipovimba alikwenda zahanati. Akapewa vidonge vya maumivu, akaambiwa arudi uvimbe ukishuka, eti jino lenye uvimbe haling'olewi. Kwetu kila mtu aliamini hivyo, na wapo wanaoamini hadi leo.

Kisha asubuhi moja maumivu yakaisha. Alilala usiku kucha kama mtoto, akaamka akinitania kwamba uji wangu ndio dawa. Uvimbe haukuwa umeshuka. Ulikuwa umehama tu kutoka shavuni, ukaingia chini ya taya, mgumu kama mti. Lakini nani anahesabu uvimbe wakati mtu haumwi tena?

Jumapili hiyo alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Alishukuru kwamba Mungu amemwondolea maumivu. Sauti yake ilitoka nzito, kama mtu anayeongea na kiazi cha moto mdomoni. Meno hayakuachana vizuri, na mate yalimtiririka kidevuni akawa anayapangusa kwa leso. Watu walidhani amezidiwa na furaha. Wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele.

Tuliporudi nyumbani nilimpa maji, yakatoka yote. Mwili ulikuwa unachemka na kutetemeka. Uvimbe sasa ulikuwa umeenea pande zote mbili chini ya kidevu, na ulimi umeinuliwa juu. Nikamwambia alale kidogo. Alipolala tu alikabwa, akainuka haraka akakaa ameinama mbele, mikono magotini, akivuta hewa kwa sauti.

Nilikimbia kwa msimamizi. Gari la shamba lilikuwa limeegeshwa pale pale uani kwake.

"Shikamoo mzee. Naomba gari, kaka hawezi kumeza, na pumzi inamwishia."

"Marahaba. Mdogo wangu, si ameshuhudia mwenyewe leo kwamba amepona? Nilikuwepo. Hata mimi nimepiga makofi."

"Mzee, njoo umwone."

"Gari hilo linakwenda kufuata beringi ya kombaini. Mpe maji ya chumvi asukutue."

Asukutue, mtu asiyeweza kumeza mate yake! Dereva mwenzake ndiye aliyewasha trekta bila kumwomba mtu ruhusa. Tukampandisha kwenye tela, nikamshika mabega asianguke wala asilale. Njia nzima nilimsikia akivuta pumzi, kila mara nyembamba zaidi. Ilipokatika tulikuwa tunaliona bati la hospitali ya misheni.

Daktari alimtoboa shingo hapo hapo kwenye tela kumtafutia njia ya hewa. Alijitahidi, namshukuru, lakini tulikuwa tumechelewa.

Baadaye alinieleza taratibu. Usaha ukibanwa ndani ya mfupa, unauma. Ukiutoboa mfupa na kupata pa kutokea, maumivu hupungua, na hapo ndipo watu hushangilia. Kumbe usaha umeingia kwenye nyama. Mizizi ya gego la nyuma hushuka chini sana, kwa hiyo usaha hutokea chini ya ulimi na shingoni, ukasukuma ulimi juu na kuziba koo. Angeletwa siku shavu lilipovimba, wangeling'oa jino, wakatoa usaha na kumpa dawa. Uvimbe si sababu ya kungoja, alisema, ndiyo sababu ya kuwahi. Na mtu akishindwa kumeza, kufungua mdomo au kuhema, hiyo si ya kulala nayo hata saa moja.

Msimamizi alikuja mazishini kwa gari lile lile. Alinipa pole.

Bado naenda kanisa lile lile. Watu bado wanasimama kushuhudia kwamba maumivu yameondoka, na wenzangu wanapiga makofi. Mimi sipigi. Naliangalia koo la anayeongea, mpaka nimwone amemeza mate.