Baba wa Kwenye Picha

Fridah hutangaza biashara za watu mitandaoni. Hajaajiriwa na mtu. Kila msimu huandika pendekezo lake na kwenda kubisha hodi.

Safari hii alibisha kwa Mama Kabibi, mwenye nyumba ya wageni ya vyumba sita pale ufukweni Bofa. Pendekezo lilikuwa fupi: picha ishirini, video nne na matangazo ya kulipia, kuanzia Oktoba mpaka mwaka mpya, kwa shilingi elfu arobaini, nusu kabla ya kazi. Jalada lilihitaji picha, naye akaweka aliyokuwa nayo. Ochola, mumewe, amembeba binti yao Hope mabegani, maji yakimfika magotini. Ilipigwa Disemba. Aprili Fridah alimzika mumewe.

Mama Kabibi hakubishana juu ya bei. Macho yake yalibaki kwenye jalada.

"Hawa nimewapenda, mwanangu. Waite uwapige picha tena, hapa kwangu."

"Mtoto atapatikana," Fridah alisema.

"Na baba?"

"Baba hapatikani."

"Basi tafuta mwingine wa kimo chake. Nani atajua?"

Fridah alingoja moyo umuume. Haukuuma. Aliona tu kwamba chai aliyokaribishwa ilikuwa imepoa na kwamba mama wa watu hakuwa na kosa lolote.

Akachukua kalamu, akaandika chini ya gharama: mwanamume mmoja, mrefu, siku moja, shilingi elfu tatu. Kisha akairekebisha jumla.