Kona ya Kijani Kwenye Mzigo wa Mwanne

Mwanne, muuza vitenge wa jumla pale Kariakoo, akishaamua jambo haulizi tena. Tangu milango ya biashara ifunguliwe na kila mwenye duka aanze kuagiza mwenyewe nje, alikuwa ameshajifunza kwamba bandarini mzigo uliopewa rangi ya kijani na forodha haukaguliwi, unapita. Basi wakala wake wa forodha, Chintan, alipomtumia kwenye simu picha ya orodha ya makontena, iliyopigwa kutoka kwenye kioo cha kompyuta, macho yake yalitua kwenye mstari wake. Kwenye kona ya namba ya faili palikuwa na kipembetatu kidogo cha kijani. Mistari ya wateja wengine haikuwa nacho.

Saa ile ile akakodi lori la Beno, mwenye malori wa pale sokoni, na kulituma bandarini. Kontena lilikuwa na vitenge vya sare za harusi ya mpwa wake, na mafundi walikuwa wamekaa tu mbele ya cherehani zao.

Usiku kucha hakuwa na wasiwasi. Asubuhi, alipoitazama picha tena, aliona kwamba safu ya tarehe ya kutoa mzigo ilikuwa imejaa alama za reli, #####. Huyu kijana ananificha tarehe, alijiambia, na akapanda ngazi za ofisi ya Chintan akiwa na hasira ya kumtosha yeye na ukoo mzima.

Chintan akamwamkia shikamoo. Badala ya marahaba, Mwanne aliweka simu mezani na kutamka kwamba leo anamhama, anakwenda kwa wakala mwingine.

"Mama, sijaficha kitu," Chintan alisema. "Safu ni nyembamba, tarehe imekosa nafasi, ndiyo kompyuta inaweka reli. Kwenye picha huwezi kuipanua. Kosa langu, ningeipanua kabla ya kupiga."

"Na kijani changu?"

Chintan alijikuna kidevu. Namba ya faili la Mwanne ilianza na sifuri, akaeleza. Ukiiandika kama namba, kompyuta inaitupa sifuri, kwa hiyo yeye aliiandika kama maneno. Kompyuta ikaweka kona ya kijani kumtahadharisha kwamba huenda amekosea. Haikuwa na habari na forodha hata kidogo.

Mwanne alihisi aibu ikimpanda mpaka masikioni. Lori la watu liko getini bandarini tangu jana kwa sababu ya sifuri!

Chintan akageukia kompyuta, akavuta ukingo wa safu. Reli zikatoweka, tarehe ikajitokeza. Ilikuwa ya leo.

"Nilidhani umeiona jana, Mama," alisema, huku akitoa hati ya kutolea mzigo kwenye droo. "Shida ni lori. Leo kila mtu anatafuta lori."

Mwanne akachukua hati, akavaa miwani, akajitengeneza mtandio. Aibu ilikuwa imeshashuka.

"Langu lipo getini," alisema. "Wewe endelea na sifuri zako."