Kamba ya Mita Nne

Ile siku nilikuwa na swali moja tu: kama kaka yangu anaweza kunichukua nikae kwake Bujumbura. Baba alishakufa, na mwisho wa mwezi bibi anahamia Bugarama kwa shangazi. Nyumba yetu ya Rumonge itabaki na mimi peke yangu. Kaka alikuja kutusalimia siku moja tu, na saa tisa lazima arudi. Mbele ya bibi sikutaka kuuliza.

Basi saa saba, gari ya marehemu baba iliponizimikia Kigwena na bidoni za mafuta ya mawese ndani, kusema kweli nilifurahi. Nikampigia kaka. Nilifikiri tutarudi pamoja, nusu saa nzima sisi wawili, nitamuuliza.

Alikuja na fundi. Fundi akafungua mbele, akaangalia, akafunga.

"Mukanda wa moteri umekatika. Usijaribu tena kuwasha, utaharibu yote."

"Tutaivuta," kaka akasema.

Kwanza fundi alijaribu freni. Kama freni imekufa, alisema, kamba hapana, tutafute bara ya chuma, kwa sababu gari ya nyuma itakuja kugonga ya mbele. Freni ilikuwa nzima. Akafunga kamba, mita nne hivi, na katikati akaning'iniza kitambaa nyekundu ili watu wa baiskeli waione. Triangle ya kuonya magari akaifunga nyuma ya gari yetu.

"Nani anashika volani ya gari ya baba?" nikauliza, na nikaenda kusimama karibu na mulango wa gari ya kaka.

"Mimi," fundi akasema.

"Uko na permi ya kuendesha?" kaka akamuuliza.

"Ya kufungua bulo za moteri, ndiyo. Ya barabara bado. Lakini patron wangu, mwenye gereji, anayo, namwita, dakika kumi anafika na pikipiki."

"Apana. Dada yangu anayo."

Nilijisikia mukubwa. Dakika kumi sikuzihesabu.

Nikaingia gari ya baba, kaka akaniinamia dirishani. "Ufunguo uache umewashwa, ukiutoa volani inajifunga. Taa za hatari ziwake zote, mpaka tufike. Freni itakuwa ngumu kama jiwe, kanyaga na nguvu. Kwenye mutelemko mimi sifungi freni, unafunga wewe, kamba isilegee. Mimi sipiti kilometa ishirini na tano."

"Na nikitaka kukwambia kitu?"

"Piga honi."

Fundi akapanda gari ya kaka, mbele, kwenye kiti niliyotaka mimi.

Gari bila moteri iko kimya sana, sikujua kabla ya siku ile. Nilisikia matairi, na taa zile zinagonga tik tik, na mawese inacheza kwenye bidoni. Volani ilikuwa nzito, mabega yakaniuma. Niliwaona wale wawili kupitia kioo ya mbele, wanaongea. Kaka anacheka, fundi anaonyesha kitu upande wa ziwa. Simu ilikuwa kwenye mapaja yangu, lakini mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Kaka aliangalia kioo yake ya kuonea nyuma mara nyingi, na kila mara macho yake yalikuwa kwenye kamba.

Kwenye kizuizi polisi alitusimamisha. Akaangalia kitambaa, triangle, taa, akakuja kwangu.

"Permi." Nikampa. "Kumbe unavutwa kama mbuzi wa sikukuu."

"Amahoro, afande."

"Na mbuzi anasalimia. Haya, polepole."

Karibu na mji kulikuwa na mutelemko. Muzee mumoja na baiskeli ya ndizi alitaka kupita katikati yetu. Nilikanyaga kwa miguu miwili, kamba ikakazwa, kaka akavutika nyuma, muzee akaona kitambaa na akarudi. Na ndani ya hiyo woga nikakumbuka patron na pikipiki yake. Dakika kumi. Kaka angeweza kumungoja.

Tulipofika gerejini saa tisa ilikuwa imepita. Kaka alifungua kamba, akaikunja, akaiweka kwenye buti ya gari yake.

"Umeshika vizuri. Kamba haikulegea ata kidogo."

"Kaka, bibi akienda, nikuje kukaa kwenu?"

Hakushangaa. Alifunga buti kwanza.

"Wifi yako iko na mimba. Mama yake anakuja kumusaidia."

"Nitalala salon, kwenye viti."

"Salon ndiyo ya mama yake." Akaangalia saa. "Nilijua utauliza. Sikujua nikujibu namna gani ndani ya gari."

"Ungesema tu."

"Ndiyo nimesema."

Alinishika kichwa, akapanda, akaenda njia ya Bujumbura. Bila mutu nyuma, alienda mbio.

Fundi na wenzake walikuwa tayari nyuma ya gari ya baba.

"Dada, rudi ndani, shika volani. Sisi tunasukuma iingie ndani ya gereji."

Nikarudi ndani.